Uzi: Ofa ya "leta rafiki": maneno gani yanayoeleweka bila kumdanganya mteja?

#1 Sabuni_Povu
Wakuu habari. Nasimamia kaunta kwenye biashara ya kufua nguo kwa kilo. Bosi anataka tuanzishe ofa ya wateja kuleta marafiki, na kazi ya kuandika maneno nimepewa mimi. Maneno yatatumika sehemu mbili: tutakayomwambia mteja kwa mdomo akija kuchukua nguo, na ujumbe mfupi atakaomtumia rafiki yake.

Bosi kaniletea hii: "LETA RAFIKI, UFULIWE BURE! Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Mimi sijaipenda. Naona nitakaa kaunta kila siku nabishana na watu. Lakini bosi anasema tangazo refu halisomwi na mtu. Nisaidieni, nani yuko sahihi?

#2 Mzee_wa_Kaunta
Umeona mbali, kijana wangu. Hilo tangazo lina maswali manne na halijajibu hata moja. Rafiki ni nani? Kuleta ni kufanya nini? Bure ni kiasi gani? Na lini? Kila swali ulilomwachia mteja atalijibu mwenyewe, na atalijibu kwa namna inayomfaa yeye. Hawezi kulaumiwa, wewe ndiye uliyenyamaza.

#3 NyotaYaAsubuhi
Bosi wako yuko sahihi jamani. Watu hawasomi. Weka neno BURE kubwa, masharti weka chini maandishi madogo. Kila kampuni inafanya hivyo.

#4 dada_Rehani
@NyotaYaAsubuhi hicho ndicho kilichonikuta. Kampuni moja ya intaneti ilinitumia ujumbe: alika rafiki, upate mwezi mmoja bure. Nikamwalika shemeji yangu, akafungiwa vifaa, akalipa. Mwezi ulipofika nikatozwa kama kawaida. Kupiga simu naambiwa rafiki lazima akae miezi mitatu kwanza, halafu huo mwezi wa bure unaanza kuhesabika baada ya hapo. Hayo yote yaliandikwa kwenye ukurasa ambao sikuuona popote kwenye ujumbe.

Kilichoniuma zaidi ni shemeji kuniuliza, "kumbe ulinialika ili upate mwezi wa bure?" Sikuwa nimemwambia. Nikakosa zawadi, na nikaonekana mjanja kwa ndugu.

#5 Mzee_wa_Kaunta
Dada, pole. Lakini kisa chako kina mambo mawili tofauti na Sabuni ayashike yote. La kwanza ni lini zawadi inakuwa yako. La pili ni rafiki kujua kwamba aliyemwalika naye anapata kitu. Ofa nyingi huharibikia hapo, hata kama zawadi yenyewe ni nzuri.

#6 Hesabu_Kwanza
Kabla ya maneno, hesabu. Sabuni, oda ya kawaida kwenu ni kilo ngapi, na kwenye kila 100 mnayopokea, ngapi inabaki baada ya sabuni, maji, umeme, mifuko na malipo ya mfuaji?

#7 Sabuni_Povu
Oda ya kawaida ni kilo 10 hivi. Kwenye 100 inabaki kama 35, kabla ya pango. Pango lipo tu, tufue tusifue. Bosi anafikiria asilimia 20 kwa kila upande.

#8 Hesabu_Kwanza
Sawa. Rafiki anakuja, oda ya 100, analipa 80. Kwenye 35 yenu inabaki 15. Aliyemleta naye oda yake inayofuata analipa 80, yaani mmeacha 20 ambayo mngeipata. Jumla mko chini kwa 5. Akirudi mara moja kwa bei kamili mnapata 35, mko juu kwa 30. Kwa hesabu hiyo hata mkipata mtu mmoja anayerudi mara moja kati ya saba, mmetoka sare.

Ofa inabeba. Bure kabisa haibebi: oda nzima ya 100 kwa aliyeleta, mko chini kwa 85, mnasubiri kila mgeni arudi zaidi ya mara mbili kwa bei kamili ndipo mtoke sare.

#9 KalamuNyekundu
Hesabu nzuri lakini ina tundu. Umechukulia kwamba wote wanaoletwa wasingekuja bila ofa. Wapo ambao wangekuja tu, kwa sababu wameona nguo za mwenzao zimenyooka.

Tuchukue marafiki 10, na tuseme 4 kati yao wangekuja hata bila ofa. Bila ofa: wanne mara 35, mnapata 140. Kwa ofa: wote kumi, kila mmoja chini kwa 5, mnapoteza 50. Tofauti kwenye oda ya kwanza ni 190. Hiyo 190 inatakiwa irudishwe na wale sita wapya kweli kweli, kwa 35 kila oda. Ni kama oda tano na nusu. Maana yake kila mgeni wa kweli lazima arudi karibu mara moja. Mmoja kati ya saba haitoshi kabisa.

#10 Hesabu_Kwanza
@KalamuNyekundu nimekusoma, hiyo sehemu niliiruka. Ila hao 4 umewakisia. Wakiwa mmoja, picha inabadilika.

#11 KalamuNyekundu
Nimewakisia, ndiyo. Ndiyo maana mgeni aulizwe kaunta "umetujuaje?" kwa wiki kadhaa kabla ofa haijaanza. Mkishaijua idadi ya wanaoletwa na wenzao bila kulipwa, hesabu haitakuwa ya kukisia tena.

#12 Chipukizi_Biashara
Wakuu mimi nina kikundi cha vipodozi, ukileta mtu unapata asilimia, na yeye akileta mtu unapata tena asilimia. Ndiyo hiyo hiyo? Nawakaribisha, njooni faragha niwaeleze.

#13 Mzee_wa_Kaunta
Hapana, siyo hiyo. Ya Sabuni inaishia kwa mtu mmoja: ulimleta huyu, amefua, amelipa, umepata chako, basi. Ukianza kulipwa kwa watu ambao hata huwajui, walioletwa na wale uliowaleta, hiyo ni ngazi. Na pale ambapo pesa inatokana na kuingiza watu badala ya kuuza bidhaa, nchi nyingi zimeipiga marufuku. Tafadhali usikaribishe watu hapa.

#14 Sabuni_Povu
Asanteni kwa hesabu. Nimeandika hii sasa, naomba muichane:

"Ukimleta rafiki ambaye hajawahi kufua kwetu, yeye anapunguziwa asilimia 20 oda ya kwanza. Akishalipa, na wewe unapunguziwa asilimia 20 oda inayofuata."

#15 Fundi_Cherehani
Mimi nina swali. Mteja wangu akileta mapazia ya ukumbi mzima, na yeye ndiye wa kupunguziwa, je?

#16 Sabuni_Povu
Duh. Kilo 60. Hilo sikuliwaza.

#17 NyotaYaAsubuhi
Weka "hadi asilimia 20". Neno "hadi" linakulinda.

#18 Mzee_wa_Kaunta
@NyotaYaAsubuhi "hadi" linamlinda mwenye duka na kumwacha mteja gizani. Akipewa asilimia 3 kwenye mapazia, utamwambia "tulisema hadi". Hatorudi, na hatoleta mtu.

Sabuni, nisikilize. Sharti likihitaji maelezo marefu, usihangaike na maneno, badilisha zawadi. Asilimia inakua na oda, kwa hiyo inadai ukomo, na ukomo unadai sentensi nyingine. Sema kilo 2 za bure. Kwa oda yenu ya kawaida ni asilimia 20 ile ile, hesabu ya Hesabu haiguswi. Mwenye mapazia kilo 60 anafuliwa 2 bure, analipia 58. Hakuna cha kueleza. Mteja anaona mzani mwenyewe.

#19 dada_Rehani
Hii nimeipenda. Kilo 2 naijua ni nguo ngapi. Asilimia 20 mpaka nitoe simu.

#20 Hesabu_Kwanza
Mzee, umeziba tundu moja umefungua lingine. Rafiki akija na kilo 2 tu, hajalipa hata senti. Na kwa maneno ya sasa "akishalipa" haitimii, au mtabishana kama ametimiza.

#21 Mzee_wa_Kaunta
Kweli. Basi oda ya kwanza ianzie kilo 5. Hilo sharti haliepukiki, lakini ni la namba moja na linasemeka kwa pumzi moja.

#22 KalamuNyekundu
Nyongeza kuhusu gharama, maana watu huchanganya hapa. Kilo 2 za bure hazina gharama moja kwa kila mteja. Ambaye angeleta kilo zile zile hata bila zawadi, mmepoteza bei nzima ya kilo 2. Ambaye kwa sababu ya zawadi ameongeza shuka ambazo angefua mwenyewe nyumbani, mmepoteza gharama ya kuzifua tu. Kwa bosi hiyo ni habari njema kidogo, ila asiipangie bajeti.

#23 Bahari_Shwari
Nachangia kitu nilichosoma. Kuna utafiti wa benki Ujerumani, waliona wateja walioletwa na wenzao wana faida asilimia 60 zaidi ya wengine. Kwa hiyo hata mkipoteza mwanzo, msiogope.

#24 KalamuNyekundu
@Bahari_Shwari utafiti upo, namba siyo hiyo. Ni wa Schmitt, Skiera na Van den Bulte, ulichapishwa 2011 kwenye *Journal of Marketing*. Walifuatilia wateja kama 10,000 wa benki moja ya Ujerumani kwa karibu miaka mitatu. Walioletwa walikuwa na thamani zaidi kwa wastani wa asilimia 16, na uwezekano wao wa kuondoka ulikuwa chini kwa asilimia 18. Aliyeleta alilipwa yuro 25.

Ni matokeo mazuri, ila ni benki. Kufunga akaunti ya benki ni kazi. Kubadilisha wa kukufulia nguo unafanya leo leo. Sijui kama inahamia kwenye kufua, mimi nisingeitegemea.

#25 Bahari_Shwari
Asante kwa kunyoosha. Na Dropbox? Wao nasikia waliwalipa watu pesa wakakua haraka.

#26 Hesabu_Kwanza
Dropbox hawakutoa pesa, walitoa nafasi zaidi ya kuhifadhi mafaili, kwa aliyealika na aliyealikwa. PayPal ndio waliotoa pesa taslimu enzi zao za mwanzo, na baadaye wakapunguza kiasi. Dropbox walitoa kile kile ambacho mtu tayari anakitumia. Zawadi ya namna hiyo haimvutii sana asiyehitaji huduma. Kilo 2 ni familia hiyo hiyo.

#27 Fundi_Cherehani
Kwa hiyo mimi nikimletea Sabuni wateja wangu wa kushona, napata kilo 2 kila mmoja? Nina wateja wengi mjue.

#28 Sabuni_Povu
@Fundi_Cherehani umeshaanza kupiga mahesabu 😄 Ila ni swali la kweli. Kuna ukomo wa idadi?

#29 Mzee_wa_Kaunta
Kama hesabu inabeba mtu mmoja, inabeba ishirini. Usiweke ukomo kwa woga. Lakini andika kwamba kilo 2 zinatumika mara moja kwa oda moja. La sivyo Fundi anakuja na mfuko wa kilo 40 anasema zote ni za bure, jumamosi hiyo hiyo mmejaa.

#30 KalamuNyekundu
Hapa sikubaliani. Mtu anayeleta ishirini siyo mteja tena, ni wakala, na wakala ana makubaliano yake. Mimi ningeweka watu 5 kwa mwaka, zaidi ya hapo mkae mzungumze.

#31 Mzee_wa_Kaunta
Ukomo wa 5 ni sentensi nyingine ya kusema kaunta, kwa ajili ya mtu ambaye labda hatokuja kabisa. Akija, nitamwita pembeni siku hiyo.

#32 KalamuNyekundu
Na ukimwita pembeni akiwa na watu 12 tayari, utakuwa umebadilisha masharti katikati ya mchezo. Ndiyo hicho tunachokikataa tangu posti #4.

#33 Mama_Kanga
Nimefika mwishoni, samahani. Kwenu mnatoa madoa ya mawese? Nina kanga hapa.

#34 Sabuni_Povu
Mama Kanga, usianze na maji ya moto. Paka sabuni ya maji ya vyombo kwenye doa kavu, iache kidogo, ndipo ufue. Usianike juani kabla doa halijatoka.

#35 Mama_Kanga
Ubarikiwe mwanangu. Na kuhusu ofa yenu, mimi swali langu ni moja. Binti yangu na mimi tunakaa nyumba moja, simu mbili. Naweza kumleta yeye?

#36 Hesabu_Kwanza
Hapo ndipo watu hujialika wenyewe. Laini mbili, mtu mmoja, kilo 4 bure.

#37 Mzee_wa_Kaunta
Msimkemee Mama, ameuliza kwa uwazi. Jibu langu: kama nguo za nyumba hiyo zimeshawahi kufuliwa hapa, siyo mgeni. Sema "nyumba ambayo haijawahi kufua kwetu" badala ya "mtu". Kwenye huduma ya nguo, mteja halisi ni kapu la nyumba.

#38 dada_Rehani
Mzee, hiyo inawaumiza wanaopanga pamoja. Sisi tuko wanne nyumba moja, kila mtu na kapu lake na hatujuani kihivyo.

#39 Mzee_wa_Kaunta
Hilo nalikubali. Kwa wanaopanga, mtu wa kaunta aamue kwa macho. Sina neno zuri zaidi.

#40 Sabuni_Povu
Bosi kaongeza jingine. Anataka kila mteja aandike kwenye daftari namba za simu za marafiki watano, sisi tuwapigie.

#41 dada_Rehani
Usikubali! Namba yangu siyo mali ya rafiki yangu kuigawa.

#42 KalamuNyekundu
Kataa kabisa. Wenye namba hawajaridhia, na sehemu nyingi sheria za taarifa binafsi zinadai ridhaa hiyo. Na hata kibiashara ni hasara: mtu akipigiwa na asiyemjua anakata. Mpe mteja ujumbe uliokwisha andikwa, autume mwenyewe kwa anayemtaka. Rafiki akija kaunta ataje namba ya aliyemwalika. Nyie hamhitaji namba ya mtu ambaye hajaja.

Na atajwe siku ile ile ya kuleta nguo, kabla ya kupima. Mkiruhusu kutaja baadaye, watakuja wawili kila mmoja anasema "yule nilimleta mimi".

#43 NyotaYaAsubuhi
Haya, nimeelewa maandishi madogo hayafai. Lakini kwenye ujumbe wa rafiki, lazima useme na mimi napata? Inaondoa ladha. Anaona namuuza.

#44 dada_Rehani
Mimi nilipotajiwa mwezi wa bure nisingemficha shemeji kama ujumbe wenyewe ungesema. Anaonekana anauza yule anayegundulika baadaye.

#45 KalamuNyekundu
Kwa Marekani, mwongozo wa FTC, mamlaka yao ya kulinda walaji, unadai mtu anayesifia biashara huku akipata kitu aweke wazi uhusiano huo. Lakini hata pasipo sheria, pande zote mbili zikipata sawa, sentensi haina aibu. "Sote tunapata kilo 2" ni tofauti sana na "mimi ninapata".

#46 NyotaYaAsubuhi
Bado naona idadi ya watakaotuma itapungua. Tutaona.

#47 Sabuni_Povu
Nimekusanya. Ya kaunta, nasema mteja akishaziangalia nguo zake na kuridhika, siyo wakati anatoa pesa:

"Umeridhika na nguo? Kama kuna mtu unayemjua ambaye nyumba yake haijawahi kufua hapa, mwambie. Akija na kuanzia kilo 5, tunamfulia 2 bure. Siku anayochukua nguo na kulipa, na wewe unapata kilo 2 bure, tutakutumia ujumbe. Unazitumia ndani ya siku 60, kilo 2 kwa oda moja. Hatuzibadilishi kuwa pesa."

Na ujumbe wa kutuma:

"Nafua nguo zangu hapa na nimeridhika. Ukileta kuanzia kilo 5 kwa mara ya kwanza, wanakufulia 2 bure. Taja namba yangu kabla hawajapima. Ukishalipa, na mimi napata kilo 2 bure."

#48 Hesabu_Kwanza
Safi. Nimeisoma kwa sauti, haifiki hata nusu dakika. Mwambie bosi urefu wake ndio huo.

#49 Fundi_Cherehani
"Nimeridhika" ya kwenye ujumbe, umeniwekea mdomoni. Kama mimi nimeridhika nusu?

#50 KalamuNyekundu
Fundi yuko sahihi. Toa hiyo sentensi ya kwanza, acha nafasi mteja aandike lake.

#51 Sabuni_Povu
Naitoa.

#52 dada_Rehani
Swali langu la mwisho. Rafiki kaja, mkamharibia shati, mkamrudishia pesa. Aliyemleta anapata kilo 2 au hapati? Kwa maneno yako "akilipa" ilishatimia kisha ikarudi.

#53 Hesabu_Kwanza
Hapati. Hakuna mauzo, hakuna zawadi.

#54 Mzee_wa_Kaunta
Anapata. Yeye ametimiza sehemu yake, walioharibu ni nyie. Tena huyo ana kesi ya kujibu kwa rafiki yake, msimwongezee nyingine.

#55 KalamuNyekundu
Mimi ningesubiri siku 7 baada ya rafiki kuchukua nguo ndipo nitume zile kilo 2, malalamiko yawe yameshajitokeza. Lakini basi isemwe siku 7, siyo "siku anayochukua nguo".

#56 Sabuni_Povu
Kwa mdomo nikimwambia mteja "baada ya siku 7" ataniuliza kwa nini, na nitamwambia "tukiharibu". Bosi hatopenda nianze na hilo. Namuuliza leo jioni kuhusu shati na kuhusu ukomo wa watu 5.

#57 Mzee_wa_Kaunta
Muulize na hili: siku akitaka kuisimamisha ofa, waliokwisha kutuma ujumbe wanabaki na kilo zao? Akisema hapana, usianze hata kuichapisha.